Sura ya Saba: Nyeupe Inayogeuka Kijivu

Chukua rangi nyekundu safi kabisa, ile ambayo kompyuta huiandika 255, 0, 0. Iweke ndani ya video ya HDR, inase kwa programu isiyoelewa HDR, kisha uipime tena kwa kidude cha kuchukulia rangi katika programu ya kuhariri picha. Utasoma namba zinazokaribia 136, 83, 56. Hiyo ni hudhurungi, rangi ya udongo wa barabarani. Maandishi meupe yaliyo chini ya filamu, ambayo yalipaswa kusoma 255 mara tatu, yatasoma 148, na hicho ni kijivu. Vivuli navyo vitakuwa vimepauka kana kwamba kuna ukungu mbele ya lenzi.

Watu wengi wakiona hivyo hulaumu skrini yao, au kadi ya michoro, au hudhani faili limebanwa kupita kiasi. Huongeza ukolezaji wa rangi kwa mkono, picha ikazidi kuharibika, wakakata tamaa. Lakini namba 148 haikuharibika popote. Ni ileile iliyokuwa ndani ya video tangu mwanzo. Iliyopotea ni taarifa ya namna ya kuisoma, na sura hii inaeleza taarifa hiyo hupotelea wapi na jinsi ya kunasa picha bila kuipoteza.

Namba na mkunjo wake

Namba ya rangi ndani ya faili si kiasi cha mwanga. Ni alama tu, na kila mfumo una mkunjo wake wa kuigeuza alama hiyo kuwa mwanga. Picha za kawaida za kompyuta na wavuti, zinazoitwa SDR, hutumia kiwango cha sRGB kilichochapishwa mwaka 1999. Humo namba ya juu kabisa, 255, maana yake ni "nyeupe ya skrini hii, iwe na mwangaza wowote ilionao." Ukiongeza mwanga wa simu yako, nyeupe inapanda, ukiupunguza, inashuka. Namba haijui niti ngapi zinatoka kwenye kioo, na haihitaji kujua. Niti ndicho kipimo cha mwangaza wa skrini: skrini ya ofisini hutoa niti mia mbili na kitu, na simu nzuri chini ya jua hupita 1,000.

HDR ilikuja na wazo jingine. Mwaka 2014 shirika la wahandisi wa sinema na televisheni, SMPTE, lilichapisha kiwango cha ST 2084, chenye mkunjo uliobuniwa katika maabara za Dolby na unaojulikana kwa jina fupi la PQ. Humo kila namba inataja mwangaza halisi kwa niti, kuanzia giza tupu hadi niti 10,000. Wabunifu wake walipima jicho la binadamu linavyotofautisha hatua ndogo za mwanga, kisha wakagawa namba kulingana na jicho: nyingi zikaenda gizani, ambako jicho ni kali, na chache zikaachiwa mwangaza mkubwa. Ndiyo maana niti 100 tayari hukaa katikati ya ngazi, karibu 51%, na niti 1,000 hufika 75% tu. Robo nzima ya juu imehifadhiwa kwa mng'ao ambao skrini nyingi za nyumbani haziwezi kuutoa.

Sasa ile 148 inaeleweka. Ripoti ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano kuhusu utengenezaji wa vipindi vya HDR inaweka nyeupe ya kawaida, kama karatasi au maandishi ya kwenye kioo, kwenye niti 203. Kwa mkunjo wa PQ, niti 203 ni 58% ya ngazi, na 58% ya 255 ni 148. Kifaa kinachojua PQ kikikuta namba hiyo kinatoa nyeupe safi. Kifaa kinachodhani ni sRGB kinatoa takriban 30% ya mwanga wa nyeupe yake. Ni sawa na fundi seremala aliyeambiwa "kata kumi" bila kuambiwa kama ni inchi au futi: namba ni sahihi, ubao unatoka mbovu.

Ubapa nao una hesabu yake. Tuseme katika picha ileile kuna kivuli chenye niti 1. Kwenye skrini ya HDR, nyeupe ya niti 203 inang'aa mara 203 kuliko kivuli hicho. PQ huandika niti 1 kama 15% ya ngazi, yaani 38 kati ya 255. Skrini ya kawaida ikisoma 38 hutoa karibu 1.9% ya mwanga wake, na ikisoma 148 hutoa 30%. Gawanya hizo mbili: tofauti iliyokuwa mara 203 imebaki mara 15 hivi. Nyeupe imeshushwa, kivuli kimeinuliwa, na picha nzima imebanwa katikati. Hilo ndilo ambalo jicho huliita "flati" bila kujua sababu yake.

Rangi zina kosa lake la pili linaloongezeka juu ya hilo la kwanza. Video za HDR huandikwa kwa nafasi ya rangi ya BT.2020, ambayo nyekundu, kijani na buluu zake ni kali kuliko za sRGB. Ndani ya nafasi hiyo pana, nyekundu yetu ya kawaida si nyekundu ya mwisho wa ngazi. Ni mchanganyiko wa takriban 63% nyekundu, 7% kijani na 2% buluu. Mkunjo wa PQ huziinua sana zile sehemu ndogo mbili, kwa sababu huthamini giza. Hivyo 7% inakuwa 83, na 2% inakuwa 56. Kifaa kisichojua kinaona kijani na buluu nyingi zilizochanganyika na nyekundu, na kinachora udongo. Ndiyo maana kuongeza ukolezaji kwa mkono hakuponyi: unakoleza mchanganyiko ambao si wenyewe, kwa kiasi kisicholingana kati ya gizani na mwangani.

Kuna mkunjo mwingine wa HDR, HLG, uliobuniwa na mashirika ya utangazaji ya BBC ya Uingereza na NHK ya Japani. Hao walikuwa na televisheni za zamani majumbani mwa watazamaji, kwa hiyo waliutengeneza ili nusu yake ya chini ifanane na mkunjo wa kawaida. Video ya HLG ikipoteza taarifa yake hupauka kidogo tu. Simu za iPhone kuanzia toleo la 12 la mwaka 2020 hurekodi HDR kwa msingi huo wa HLG, na ndiyo sababu video ya simu iliyosomwa vibaya huonekana dhaifu, wakati ile ya gemu au ya filamu huonekana kama imekufa.

Makosa mawili yenye jina moja

Kabla ya kurekebisha lolote, lazima ujue umepata kosa lipi, kwa sababu malalamiko ya "picha yangu ya HDR imepauka" hufunika magonjwa mawili yasiyofanana hata kidogo.

La kwanza ni lile nililolieleza: namba za PQ zimehifadhiwa kama zilivyo bila lebo. Hutokea zaidi kwenye kadi za kunasa video zinazopokea mawimbi ya HDR kutoka konsoli ya gemu, kwenye vicheza video vinavyotoa picha ya fremu moja kwa moja kutoka kwenye faili, na kwenye programu za kukata video zinazoandika faili upya na kusahau lebo.

La pili hutokea kwenye kompyuta ya Windows yenye HDR iliyowashwa. Humo mfumo haukusanyi picha ya skrini kwa PQ. Unatumia namba za desimali za mwanga wenyewe, ambapo 1.0 ni niti 80 na namba zinaruhusiwa kupita 1.0 kadiri zinavyotaka. Mtumiaji akiwa amesogeza kitelezi cha mwangaza wa vitu vya SDR, kinachoandikwa `SDR content brightness`, hadi nyeupe ya ukurasa wa kawaida ikafika niti 240, nyeupe hiyo ni 3.0 ndani ya mfumo. Programu ya kunasa inapaswa kugawanya kila kitu kwa 3 kabla ya kuandika picha ya kawaida. Isipogawanya, ikakata tu kila kinachozidi 1.0, basi kila rangi iliyokuwa 156 au zaidi inakuwa 255. Kijivu cha 128 kinapanda hadi 210. Picha inatoka imeungua kwa mwanga, mawingu yamefutika, nyuso zimekuwa karatasi.

Namna ya kutofautisha ni kupima kitu ambacho unajua kilikuwa cheupe. Kikisoma karibu na 148, na katika picha nzima hakuna kinachopita 192 au zaidi kidogo, hiyo ni PQ isiyo na lebo. 192 ndiyo niti 1,000, kikomo cha kazi nyingi za HDR. Ukikuta eneo kubwa limekwama kwenye 255, hata sehemu ambazo zilikuwa na mistari na vivuli vyepesi, hiyo ni picha iliyokatwa.

Tofauti hii ina uzito mkubwa, kwa sababu picha ya kijivu inaokolewa na picha iliyoungua haiokolewi. Katika ile ya kijivu kila kitu bado kipo, kimebanwa tu. Katika ile iliyoungua, wingu na jua vimeandikwa kwa namba moja, na hakuna programu inayoweza kukuambia lipi lilikuwa wingu. Mtu anayeogopa kijivu akachagua ile inayong'aa kwa sababu "ina uhai" anatupa nakala nzuri na kubaki na mbovu.

Kunasa picha moja

Ukiwa kwenye Windows 11, swali la kwanza ni je, picha hiyo inakwenda wapi. Ikiwa inakwenda kwenye ujumbe wa simu, kwenye hati, au kwenye gazeti, inahitajika SDR, na kazi yako ni kuhakikisha kwamba ubadilishaji unafanyika mara moja tu na unafanywa na programu inayojua inachobadilisha. Zana ya kukatia picha ya Windows, `Snipping Tool`, katika matoleo yake mapya ina swichi ndani ya mipangilio iitwayo `HDR screenshot color corrector`. Iwashe. Bila hiyo, hatari ni lile kosa la pili.

Kwa gemu, njia ninayoipenda ni `Win+Alt+PrtScn` ya Xbox Game Bar. HDR ikiwa imewashwa, huandika mafaili mawili katika folda ya `Videos\Captures`: moja la PNG lililobadilishwa kuwa SDR, na moja la aina ya `.jxr` lenye HDR kamili. Tuma PNG, tunza JXR. Vivinjari havifungui JXR, na watu wengi huifuta wakidhani ni takataka, lakini ndiyo negativu yako: miezi sita baadaye ukitaka kuitengeneza upya kwa uangalifu, mwanga wote umo. Programu ya `HDR + WCG Image Viewer` inayopatikana bure katika duka la Microsoft huifungua.

Kwa dirisha la kazi za kawaida, kama jedwali au ukurasa wa wavuti, usijitese. Bonyeza `Win+Alt+B` kuzima HDR, nasa picha, bonyeza tena kuiwasha. Hakuna kitu cha HDR ndani ya jedwali kinachohitaji kuokolewa.

Fremu ya filamu ni habari nyingine. Filamu za huduma za kulipia zimefungwa kwa ulinzi wa nakala, na picha ya skrini yake hutoka nyeusi tupu. Hilo halihusiani na HDR na halirekebishwi kwa mbinu za sura hii. Lakini ukiwa na faili lako mwenyewe, au mojawapo ya filamu fupi ambazo Netflix imeziweka wazi kwa majaribio, kama Sol Levante ya mwaka 2020, unaweza kuinasa vizuri sana. Katika kicheza video cha mpv, bonyeza `Ctrl+s`: hicho hunasa dirisha kama lilivyochorwa, baada ya mwanga kubanwa kwa ajili ya skrini yako. Ukitaka udhibiti kamili, amri ya ffmpeg hutoa fremu moja na kuibadilisha kwa utaratibu sahihi:

```
ffmpeg -ss 00:02:30 -i filamu.mkv -frames:v 1 -vf "zscale=t=linear:npl=203,format=gbrpf32le,zscale=p=bt709,tonemap=tonemap=mobius:peak=5:desat=0,zscale=t=iec61966-2-1,format=rgb24" picha.png
```

Isome kutoka kushoto, kwa sababu mpangilio wake ndio maarifa yenyewe. Kwanza namba za PQ zinageuzwa kuwa mwanga, na `npl=203` inasema kwamba niti 203 ndiyo nyeupe, yaani 1.0. Hesabu inafanywa kwa desimali ili kisikatwe kitu. Kisha rangi zinahamishwa kutoka BT.2020 kwenda nafasi ya kawaida, zikiwa bado ni mwanga; ukizihamisha kabla ya hapo, nyekundu inarudi kuwa udongo. Hatua ya nne ndiyo inayobana mng'ao: `peak=5` inaeleza kwamba kitu kinachong'aa kupita vyote ni mara tano ya nyeupe, takriban niti 1,000. Mwishoni ndipo mkunjo wa sRGB unapowekwa. Video ikiwa imetengenezwa hadi niti 4,000, andika `peak=20` badala yake.

Kurekodi video

Hapa tufuate mfano mmoja hadi mwisho. Una konsoli ya gemu inayotoa HDR, kadi ya kunasa inayodai kukubali HDR, na programu ya OBS kwenye kompyuta. Gemu ni la mbio za magari wakati wa machweo. Kwenye televisheni jua linachoma macho, mstari mweupe wa barabara uko wazi, magari mekundu ni mekundu. Kwenye rekodi, jua ni sarafu ya kijivu angavu, mstari ni wa kijivu, na magari yana kutu.

Kosa mara nyingi liko mlangoni. Fungua sifa za chanzo cha `Video Capture Device` ndani ya OBS. Kadi inaweza kutuma picha kwa miundo kadhaa; ukikuta `NV12`, hiyo ni ya biti 8, na kadi inasukuma namba za PQ ndani yake bila kusema neno. Chagua `P010`, ambayo ni ya biti 10. Kisha kwenye `Color Space` ya chanzo hichohicho, usiache `Default`, chagua `Rec. 2100 (PQ)`. Umeirudishia namba lebo yake. Mara tu ukifanya hivyo, picha ya majaribio ndani ya OBS itabadilika mbele ya macho yako: mstari wa barabara utakuwa mweupe.

Biti 10 hazikuwekwa kwa mapambo. Kwa PQ ya biti 8, kati ya niti 100 na 203 kuna hatua 18 tu, yaani kila hatua inaruka kwa karibu 4% ya mwanga, na jicho linaona mruko huo. Kwa biti 10 hatua zinafika 74 hivi, kila moja ikiruka kwa 1%. Anga la machweo likiandikwa kwa biti 8 linatoka na mistari kama ngazi, na mistari hiyo haiondoki tena.

Baada ya mlango, amua njia. Rekodi ikiwa ni ya kutumwa popote na kutazamwa na yeyote, acha mipangilio ya OBS kwenye `Rec. 709`. Kuanzia toleo la 28 la mwaka 2022, OBS ikijua kwamba chanzo ni HDR hukibana yenyewe kuwa SDR. Faili litakuwa la kawaida, litacheza kwenye simu yoyote, na rangi zitakuwa sahihi. Kwa kazi nyingi hii ndiyo njia ninayoipendekeza, na sioni sababu ya mtu kuona aibu kuichagua.

Rekodi ikiwa ni ya kuhifadhi HDR yenyewe, kwa mfano kwa ajili ya YouTube, ambayo imekuwa ikipokea HDR tangu mwaka 2016, nenda `Settings`, kisha `Advanced`. Weka `Color Format` kuwa `P010`, na `Color Space` kuwa `Rec. 2100 (PQ)`. Chini yake kuna namba mbili: `SDR White Level`, ambayo OBS huiweka niti 300, na `HDR Nominal Peak Level`, niti 1000. Ya kwanza huamua vitu vya kawaida ulivyoviweka juu ya video, kama nembo yako na dirisha la mazungumzo, ving'ae kiasi gani. Niti 300 ni nyingi kwa chumba chenye giza. Mimi huishusha hadi 203 ili maandishi yasishindane na jua la gemu. Kisha kwenye `Output` chagua kodeki ya HEVC au AV1, na kwa HEVC profaili iwe `main10`. H.264 ya kawaida ni ya biti 8, usiitumie hapa.

Rekodi sekunde 10, simamisha, na kagua faili kabla ya kurekodi saa nzima:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=pix_fmt,color_space,color_transfer,color_primaries -of default=nw=1 jaribio.mkv
```

Faili zuri litajibu hivi, ingawa mpangilio wa mistari unaweza kutofautiana:

```
pix_fmt=yuv420p10le
color_space=bt2020nc
color_transfer=smpte2084
color_primaries=bt2020
```

Mstari wa `color_transfer` ndio wa kuutazama kwanza. `smpte2084` ndilo jina la PQ. Ukisoma `bt709` hapo huku picha ni ya kijivu, lebo ni ya uongo. Ukisoma `unknown`, lebo haipo. Na ukiona `yuv420p` bila ile `10le`, rekodi ni ya biti 8, rudi mlangoni.

Jihadhari pia na hatua inayofuata. Faili likiwa zuri kabisa linaweza kuharibiwa na programu ya kuhariri ambayo mradi wake umewekwa kuwa wa Rec. 709: ikisoma lebo vizuri itabana mwanga, isipoisoma itakurudishia kijivu. Baada ya kuhariri na kutoa faili jipya, endesha ffprobe tena juu ya hilo jipya. Kazi nyingi huharibikia hapo, katika hatua ambayo kila mtu anaamini imeshavuka hatari.

Kuokoa kilichokwisha kurekodiwa

Ukiwa tayari una rekodi ya kijivu na gemu haliwezi kuchezwa upya, anza kwa kuuliza kama namba zilizomo ni PQ kweli. Pima nyeupe kama nilivyoeleza. Faili likiwa la HEVC ya biti 10 lililopoteza lebo tu, lebo inaweza kurudishwa bila kugusa picha yenyewe, kwa sekunde chache:

```
ffmpeg -i kijivu.mkv -c copy -bsf:v hevc_metadata=colour_primaries=9:transfer_characteristics=16:matrix_coefficients=9 lenye_lebo.mkv
```

Namba 9 ni BT.2020 na 16 ni PQ, katika orodha ya kimataifa ya misimbo ya rangi. Likague jipya kwa ffprobe, kisha lifungue kwenye skrini ya HDR.

Picha ya PNG iliyotoka kijivu nayo huokolewa kwa kuibandika lebo kwanza, halafu kuipitisha katika mlolongo uleule wa awali:

```
ffmpeg -i kijivu.png -vf "format=gbrp,setparams=range=pc:color_primaries=bt2020:color_trc=smpte2084:colorspace=gbr,zscale=t=linear:npl=203,format=gbrpf32le,zscale=p=bt709,tonemap=tonemap=mobius:peak=5:desat=0,zscale=t=iec61966-2-1,format=rgb24" sawa.png
```

Kwa amri hii ile hudhurungi ya 136, 83, 56 hurudi kuwa nyekundu. Haitafika 255 kamili, kwa sababu hatua ya kubana mng'ao huishusha kidogo nyeupe yenyewe ili jua lipate nafasi juu yake. Ukiona picha ni nyeusi mno, shusha `npl` hadi 150 au 100. Kila unaposhusha, picha nzima inapanda mwanga na mng'ao wa juu unabanwa zaidi, kwa hiyo ongeza `peak` kwa uwiano huohuo, kwa mfano `npl=100` na `peak=10`.

Anga la machweo lililorekodiwa kwa biti 8 litabaki na ngazi zake, na hapo hakuna la kufanya isipokuwa kupaka chenga nyembamba juu yake ili jicho lisizione sana. Kwa picha tuli, tatizo la lebo linapungua: toleo la tatu la kiwango cha PNG, lililoidhinishwa na W3C mwezi Juni 2025, limeweka rasmi sehemu iitwayo `cICP` inayobeba misimbo hiyohiyo ya 9 na 16 ndani ya faili. Programu inayoandika na programu inayosoma zote mbili lazima ziijue, na kwa sasa ukimtumia mtu PNG ya PQ yenye lebo hiyo, akaifungua katika programu ya zamani, ataona kijivu kilekile. Kwa hiyo mtumie pamoja na nakala ya SDR uliyoibana mwenyewe.